Bei Kabla ya Mzigo Kupanda

Mama yangu mdogo hapandi kitu chenye gurudumu wala kasia kabla hajajua atalipa nini. Akifika penye pikipiki au mtumbwi, anaweka mzigo wake chini na kuukalia. Kijana akijipendekeza, "Lete nikusaidie, mama," anamjibu kwa upole kwamba mzigo umechoka, unapumzika kidogo. Halafu anaanza maswali. Bei ni ya mtu mmoja au ya wote? Mzigo umo ndani? Mwisho wa safari ni wapi, sokoni au mlangoni? Akijibiwa, anarudia majibu yote kwa sauti ya mtu anayeita kuku, ili na waliosimama pembeni wasikie. Zamani nilikuwa naona haya kuandamana naye. Nilikuwa nasimama mbali, naangalia angani, kama vile mama huyu si wa kwetu.

"Muzigo ikipanda, bei inapanda nayo," huwa anasema. Hajawahi kunieleza zaidi ya hapo, na kwa kweli hakuna cha kuelezwa.

Mimi na yeye tuna nyumba ya wageni hapa Mikelenge, mtaa mmoja wa Kindu. Msije mkadhani ni hoteli. Ni vyumba vichache nyuma ya nyumba yetu, maji ya kuoga kwa ndoo, wali na sombe, yaani kisamvu, jioni. Wanalala kwetu wafanyabiashara, wanunuzi wa dhahabu, watu wa miradi, na mara moja moja mtu aliyekuja tu kuutazama mto na kupiga picha. Huyo wa mwisho ndiye anayetupa kazi. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na hapa Kindu kuku mweupe anaonekana tangu akiwa bado kwenye ngazi za ndege.

Binti ninayemkumbuka leo alifika mchana wa jua kali, nyuma ya pikipiki, sanduku likiwa mbele ya dereva, limebanwa kwenye tangi. Nilisikia makelele langoni kabla sijamwona mtu. Dereva, motari kama tunavyowaita, alikuwa ameshikilia sanduku.

"Dola makumi mbili," alikuwa akisema. "Kumi yako, kumi ya sanduku."

Kutoka uwanja wa ndege hadi kwetu ni elfu tatu za franka, na mvua ikinyesha, elfu tano. Nilitoka hadi langoni na ulimi wangu umeshanolewa. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Lakini mama mdogo alinitangulia. Hakumtukana mtu. Alimwuliza motari, "Mwanangu, mulisikilizana ngapi?"

"Hatukusikilizana, mama. Alipanda tu."

Akamgeukia binti. "Na wewe, alikwambia nini?"

"Aliniambia panda tu dada, usijali, tutaelewana mbele."

"Aa! Njo pale ulianguka," mama mdogo akasema, maana kwetu "ndipo" na "ndiyo" zote ni "njo", kisha akamrudia motari. "Yeye hakuuliza, na wewe hukusema. Wote mulikosa. Bei njo elfu tatu, na unaijua kunishinda. Nakuongezea elfu mbili juu ya jua yenye imekupiga. Acha sanduku."

Motari alitazama elfu tano zile, akatazama majirani waliokwisha kutoka kwenye malango yao, akazichukua. Mimi nisingempa hata moja ya ziada, na nilisema hivyo kwa sauti. Mama mdogo alinijibu kwamba mtu huyo atabeba wageni wetu wengine kesho.

Tukamkaribisha binti ndani, tukampa maji, na hapo ndipo tukajua ubaya wote. Pikipiki ilikuwa kitu kidogo. Pale uwanjani alipokelewa na mwanaume mmoja mwenye beji shingoni, mwenye haraka na maneno matamu, aliyemchukulia pasi na kadi ya chanjo "ili asipange foleni". Kabla hajazirudisha, alidai kodi ya kuingia mkoani, halafu kodi ya simu yenye kamera. Binti alilipa kwa dola, na hela zake nyingi zikaishia kwenye mfuko wa yule.

"Beji ilikuwa inaonekana sura?" mama mdogo akauliza.

Binti akafikiri. "Hapana. Ilikuwa imegeuka."

"Inageukaka kila siku. Na risiti?"

Risiti haikuwepo. Mama mdogo akapiga ulimi, akavuta ungo wa mchele na kuendelea kuchagua mawe. Maji yakimwagika hayazoleki. Alimwambia binti kwamba mwenye kazi ya kweli anakaa dirishani, anakungoja umfuate wewe, na ukilipa anakupa karatasi yenye muhuri. Anayekukimbilia, anayeshika kitu chako mkononi kabla hajakwambia anataka nini, huyo anajilipa mwenyewe. Na akikwambia ni marufuku kupiga picha, halafu akataka faini hapohapo kando ya njia, mwambie, "Sawa, twende pamoja ofisini." Utaona anavyokumbuka shughuli nyingine. Binti alicheka kidogo, kisha akaanza kulia.

Alikuwa amelelewa Kigoma. Baba yake alikimbia na vita, akavuka ziwa, akaoa huko, akafia huko. Nyanya yake mzaa baba alibaki Kama, kule kwenye machimbo ya dhahabu, na hawajawahi kuonana hata siku moja. Sasa simu ilikuwa imeita kutoka Kama kwamba bibi haamki tena kitandani. Binti alikopa, akauza cherehani yake, akazunguka na ndege kupitia Kinshasa. Hela zilizomsalia zilitosha pikipiki ya kwenda Kama na kurudi, mara moja tu. Akidanganywa tena hata kidogo, ama hatafika, ama atafika na kukwama huko.

"Kesho tutavuka," mama mdogo akasema. "Na wewe kwanza ujifunze kukalia sanduku yako."

Pikipiki za Kama zinapatikana ng'ambo, Alunguli, ukishavuka mto. Asubuhi tulikuwa pale watatu, binti amekaa juu ya sanduku lake, mgongo umenyooka, kama alivyoagizwa. Motari walituzunguka. Kila mmoja alikuwa rafiki wa mtu aliyemjua nyanya. Mmoja wao, kijana mwenye miwani ya jua na pikipiki inayong'aa, akasikia tunachotaka, akataja bei ambayo ilinifanya nimshike mama mdogo mkono. Ilikuwa karibu nusu ya niliyoitegemea. Binti alisimama. Macho yake yalimeremeta kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Mafuta imo?" mama mdogo akauliza.

"Imo, mama."

"Kuvuka mto wa katikati ya njia? Wale wanaojaza mashimo na wanafunga kamba barabarani mpaka walipwe?"

"Yote imo. Panda tu."

"Kulala kule siku mbili, kumungoja?"

"Hakuna shida, mama. Tutasikilizana."

Mama mdogo akamshukuru, akampa mkono, akamwambia kwamba hatupandi. Kisha akaenda kwa mwanaume mwingine, mtu mzima mwenye mvi kidogo ndevuni, aliyekuwa akifunga mnyororo wa pikipiki yake bila kutuita. Huyu alitaja bei ya juu. Mama mdogo akaipunguza kidogo, si sana, na akaishia pale. Mimi nilibaki mdomo wazi. Binti akanivuta kando.

"Mama, samahani," akaninong'oneza, "au mama yako mdogo ana chake hapa? Anapewa kitu na yule mzee?"

Nilitaka kumzaba kofi. Haki ya Mungu. Mama yangu mdogo aliyeacha mchele wake juani kwa ajili yako! Lakini mama mdogo alikuwa amesikia, maana masikio yake hayazeeki, na badala ya kukasirika akapiga makofi kwa furaha.

"Ameanza kufunguka macho!" akasema. "Njo vile mugeni anapaswa kuuliza. Muulize motari, mbele yangu. Usiniogope."

Binti akamwuliza kwa haya. Yule mwenye mvi alicheka, akasema, "Huyu mama? Hajawahi kunipa, na hajawahi kukamata kitu kwangu. Ananisumbuaka tu."

Bado binti hakuelewa kwa nini alipe zaidi, na ukweli ni kwamba wakati huo mama mdogo hakuwa na subira ya kumweleza. Nilimweleza mimi, tukiwa tumekaa wawili juu ya sanduku lile, kwa sababu mimi ndiye niliyeokolewa na akili hiyo. Nilimwambia habari ya siku moja ya wakati wa vita.

Miaka hiyo niliishi hukuhuku Alunguli. Mume wangu alikuwa amekwenda upande wa Lubutu kutafuta mafuta ya mawese ya kuuza, njia ikafungwa nyuma yake. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Treni haikuja tena, na mji ulikuwa umekauka. Chumvi, sabuni na kitenge ndivyo vilivyokuwa hela zetu. Uchungu ulinishika asubuhi, na hospitali ilikuwa ng'ambo. Mama mdogo alinifikisha mtoni akinikokota, na pale tukakuta umati wa watu wanaotaka kuvuka, kwa maana risasi zilikuwa zimesikika upande wa barabara.

Mitumbwi ilikuwa miwili. Kwenye mmoja watu walimzomea mwenye kasia kwa bei yake. Walimwita mwizi, mnyonya damu, wakamtajia mama yake. Walimbana mpaka akakubali kuwavusha kwa chumvi ya kubana kwa vidole. Walishangilia. Mimi nilikuwa nimeinama kwa maumivu, na nilimwomba mama mdogo twende na hao, twende haraka. Alikataa. Nilimchukia, nakiri, kwa moyo wangu wote.

Alimwendea mwenye kasia wa mtumbwi wa pili, akauliza maswali kama mtu aliyekuja kutembea tu.

"Pirogi ni ya wewe?"

"Hapana, mama. Mwenyewe iko ng'ambo. Namupelekea nusu."

"Na wenye bunduki pale pa kushukia?"

"Kila mara wanakamata sabuni."

Mama mdogo akavua kitenge chake cha juu, kipya, cha sherehe, akabaki na cha ndani. Akatoa na sabuni. Akavishika mbele ya wote, akasema: kitenge ni cha kutuvusha sisi wawili, sabuni ni ya wale wa ng'ambo, anatoa yeye mwenye kasia, na katikati ya maji hapa hakuna neno lingine. Tukiweka miguu mchangani, vyote ni vyake. Yule mtu alikubali, na alikubali na uso wake wote.

Tulikuwa katikati ya mto tulipoona mtumbwi wa kwanza umesimama. Mwenye kasia ameliweka juu ya magoti yake. Hakupiga kelele. Alikaa tu, na maji yakaanza kuwachukua kuelekea chini, ambako mto una mawe. Kisha wale waliokuwa wameshangilia wakaanza kuvua. Niliona kitenge, niliona viatu, niliona mama mmoja akitoa sufuria. Walilipa yote, na zaidi ya yote, mahali ambapo mtu hawezi kusema basi nashuka.

Tulipofika ng'ambo, mwenye bunduki alisema siku hiyo ni sabuni mbili. Mtu wetu alinitazama jinsi nilivyokuwa, akatazama kitenge, akavuta sabuni ya pili kutoka kwenye mfuko wake mwenyewe. Hakutudai. Binti yangu alizaliwa jua likiwa bado liko juu.

Ndipo siku hiyo, nikiwa nimelala hospitali, mama mdogo aliniambia neno ambalo nimelitumia kuliko yote niliyofundishwa na padri: "Mutu akikubali bei na roho mubaya, atakulipisha pale hauwezi kushuka." Watu wengi wanajua kuogopa bei kubwa. Yeye anaogopa zote mbili, na bei ndogo anaiogopa zaidi, kwa sababu inakuja ikicheka. Nakwambia, katika maisha yangu nimeona wasomi na wakubwa wa ofisi, lakini akili kama ile sijaiona tena. Nampenda kwa ajili yake, na huwa simwambii, atajivuna.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama kwa muda pikipiki ile inayong'aa.

"Mafuta yangeishia porini," akasema.

"Au mto wa katikati usingekuwa umo," nikamjibu.

Basi mapatano yakafanywa. Mama mdogo akamwita rais wa parking, mzee anayewapanga motari zamu, ili asikie. Akasema kila kitu upya, kwa sauti yake ya kuita kuku. Ni kwenda Kama hadi mlangoni kwa nyanya. Mto na mashimo na kamba za barabarani, vyote ni vya motari. Usiku mbili anamngoja, chakula anakula pale kwa nyanya. Halafu ni kurudi hapahapa. Fungu la kwanza apewe sasa kwa ajili ya mafuta, lililobaki litakaa kwa rais wa parking, na motari atalipwa mara binti atakaposhuka na kusema amefika. Motari akaongeza lake: mvua ikikata njia, siku itakayopotea njiani si kosa la mtu. Mama mdogo akafikiri, akasema ni haki. Walishikana mikono, na ndipo tu binti akaruhusiwa kusimama, sanduku likafungwa nyuma kwa mpira.

Zilikuwa siku mbaya kwangu. Mvua ilinyesha. Mtandao wa simu haukushika kule. Yule kijana mwenye miwani alirudi pale parking mapema kuliko ilivyotegemewa, na watu wa mtoni wakasema abiria wake, mchuuzi wa nguo, alikuwa ameachwa kwenye kivuko cha katikati na mafurushi yake, wakigombana juu ya nani analipa mtumbwi. Nilimpa mama mdogo habari hiyo nikidhani atafurahi kwamba alisema kweli. Alisikitika tu kwa ajili ya mchuuzi, akauliza kama amepata pa kulala.

Siku waliyopaswa kurudi, hawakurudi. Tulivuka, tukakaa parking mpaka jua likatua, tukarudi nyumbani. Nilianza kusema mabaya juu ya motari mwenye mvi, na juu ya wanaume wote wenye mvi. Mama mdogo aliniambia nifunge mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hana uhakika.

Walifika kesho yake, alasiri, wote wawili wekundu kwa udongo kuanzia miguuni hadi kwenye nywele. Binti alishuka, akatembea moja kwa moja hadi kwa rais wa parking, akasema, "Nimefika." Mzee akampa motari fungu lake mbele yetu. Hapo ndipo mama mdogo alipoanza kazi.

"Tulisema usiku mbili," akamwambia motari. "Njia mulipita vizuri?"

"Vizuri, mama. Mvua haikutufunga."

"Basi ulilala usiku tatu. Ya tatu haikuwa katika bei. Mapatano inakata pande mbili. Sema, ni ngapi?"

Motari alitikisa kichwa, akaendelea kufungua mpira wa sanduku. Mama mdogo akaona hakusikia. Akataja bei yeye mwenyewe. Motari akakataa. Akaipandisha. Watu wakaanza kusogea, maana hawakuwahi kuona mteja anapandisha na dereva anakataa. Rais wa parking alicheka sana. Hata mimi nilianza kucheka.

"Mwanangu, usinitie deni," mama mdogo akasema, sasa akiwa mkali. "Usiku ya tatu ulifanya nini kule? Kila kazi iko na bei."

Mwanaume yule aliweka sanduku chini taratibu. Alijifuta udongo viganjani.

"Tulichimba kaburi, mama," akasema. "Wanaume walikuwa kidogo pale, wengine wako kwenye machimbo. Hiyo haina bei."

Hakuna aliyecheka tena. Binti alisimama kati yetu, na kwa sauti ya kawaida kabisa akatuambia kwamba alimkuta bibi yake hai. Alikaa naye usiku wa kwanza na mchana wote uliofuata. Bibi alimshika uso, akasema ni pua ya mwanawe, akaitafuta tena kwa vidole na kusema ni pua ya mwanawe.

Nilimtazama mama mdogo. Katika miaka yangu yote sijawahi kumwona akiondoka sokoni, mtoni wala langoni bila kusema neno la mwisho. Siku hiyo alimshika motari mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia muda mrefu, na hakuuliza kitu.